"Irekebisheni, Kisha Mtume Kwake": Barua Pepe Zinazokwamisha Miradi

"Salaam. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nimepokea ripoti ya upimaji na bajeti ya kisima kutoka kwa mhasibu. Amesema mhandisi ameshaipitia. Tafadhali irekebisheni kidogo kisha mtume kwake kabla ya mwisho wa wiki, maana mfadhili anaisubiri. Nimeongea na wachimbaji, nitawatumia fomu kesho. Ahsanteni."

Barua hii imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi atakuwa ameshapokea ndugu yake. Ni fupi, ina adabu, haina kosa la tahajia, na aliyeiandika anajua vizuri anachotaka. Kasoro ni kwamba anakijua peke yake.

Tuseme mwandishi ni meneja wa mradi wa kisima, yuko Dodoma, na ameituma Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 2025. Wapokeaji ni watatu. Mhandisi yuko Singida kwenye eneo la uchimbaji. Mhasibu yuko Dar es Salaam. Wa tatu, aliyepelekewa nakala, ni afisa wa shirika la ufadhili aliyeko Muskati, Omani, anayekisoma Kiswahili bila shida kama Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar. Wote watatu wanaifungua barua ileile, na kila mmoja anaondoka na kazi yake na tarehe yake.

Mhandisi anaelewa kuwa kinachotakiwa kurekebishwa ni ripoti ya upimaji, kwa sababu ndiyo kazi ya mikono yake. Anagusa sentensi mbili tatu, kisha Jumamosi mchana, siku ambayo vibarua wake bado wako kazini, anaituma kwa mhasibu. Mhasibu naye amesoma kwamba mhandisi ndiye anayerekebisha, basi ametulia akisubiri, na Ijumaa jioni anafunga kompyuta akijua hajaletewa kitu. Afisa wa Muskati alitarajia bajeti Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ofisi yake haifunguliwi. Jumatatu ya tarehe 20 meneja anauliza bajeti iko wapi, na inabainika kwamba hakuna aliyeigusa.

Hakuna mvivu katika mkasa huu. Kilichofanya kazi yake ni vineno vidogo: "i-" ndani ya "irekebisheni", "kwake", "-wa-" ndani ya "nitawatumia", na "mwisho wa wiki".

Kiambishi kimoja, hati mbili

Kiswahili kina silaha ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni ngeli. Mtu akiandika "mkataba na jedwali viko tayari, lipitie", msomaji hahitaji kuuliza: "li-" ni jedwali, kwa sababu mkataba ungedai "upitie". Akiandika "kipitie", kinachotajwa ni kiambatisho au kitabu. Kiambishi kinaonyesha kidole kwenye nomino yake, na ndiyo maana Waswahili tumezoea kuacha nomino na kuendelea na kiambishi tu.

Bahati mbaya, msamiati wa ofisini umejazana kwenye ngeli moja. Ripoti, bajeti, ankara, risiti, hati, rasimu, fomu, orodha, taarifa, barua, ratiba, sampuli, ramani, picha: yote haya huchukua "i-" kwa umoja na "zi-" kwa wingi. Maneno ya kukopa yanapoingia, mengi yao hutua hapohapo. Hivyo katika sentensi ya ofisini ambamo nomino mbili zimetajwa, uwezekano ni mkubwa kwamba zote mbili zinadai kiambishi kilekile, na silaha ya ngeli inakuwa butu pale inapohitajika zaidi.

Rudi kwenye barua ya meneja. "Amesema mhandisi ameshaipitia." Amepitia nini, ripoti au bajeti? "Irekebisheni kidogo." Ipi? "Mfadhili anaisubiri." Ipi tena? Viambishi "i-" vitatu, na si lazima vyote vielekee kwenye hati moja. Huenda mhandisi alipitia ripoti, kinachorekebishwa ni bajeti, na mfadhili anasubiri zote mbili. Sarufi inaruhusu kila tafsiri kati ya hizo.

Kuna uzito mwingine juu ya huo. Nomino za ngeli hii hazibadiliki umbo kati ya umoja na wingi: fomu ni fomu, iwe moja au kumi. Meneja aliyeandika "nitawatumia fomu kesho" hajasema ni fomu ngapi. Kama angeandika "fomu hii" au "fomu zote tatu", idadi ingejulikana bila kuongeza mstari.

Tiba ya kwanza ni ya wazi: nomino mbili za ngeli moja zikiwa jirani, irudie nomino badala ya kiambishi. Andika "rekebisheni bajeti", usiandike "irekebisheni". Shuleni wengi tulifundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu wa insha, na katika insha ni kweli. Barua ya kazi haisomwi kwa utamu wake. Husomwa kwenye simu, ndani ya daladala, na mtu mwenye barua nyingine thelathini chini yake, na mtu huyo hatapanda juu kutafuta "i-" ilitokea wapi.

Tiba ya pili inatoka ndani ya lugha yenyewe: chagua nomino za ngeli tofauti. Bajeti inaweza kuitwa "jedwali la bajeti". Kuanzia hapo ripoti inabaki na "i-" na jedwali linachukua "li-", na mwandishi anaweza kuendelea kwa viambishi bila kumchanganya mtu: "Ripoti imepitiwa. Jedwali lirekebishwe." Hila hii ina kikomo chake. Mkataba na mchoro vyote ni "u-", na jedwali likikaa karibu na daftari, "li-" inapoteza nguvu. Wakati huo inabidi kurudi kwenye nomino kamili.

Nani, na akina nani

Kwa watu, ngeli haisaidii kabisa. Mhasibu, mhandisi, meneja na mfadhili wote ni "a-" na "yu-", wote ni "yeye", wote ni "kwake". Isitoshe, Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi, jambo linaloondoa hata kidokezo kidogo ambacho lugha nyingine hukitoa. "Mtume kwake" katika barua ya meneja inaweza kuwa kwa mhasibu, mhandisi au mfadhili. Mhandisi alichagua mhasibu kwa sababu za busara tu, kwamba ndiye anayeshika hesabu, wala hakuna neno katika barua linalomkosoa.

Kinachowaponza wengi zaidi ni kile kiambishi "-wa-". Katika kitenzi, "-wa-" inaweza kuwa "wao", na katika matumizi ya kila siku inaweza pia kuwa "ninyi". "Nimeongea na wachimbaji, nitawatumia fomu kesho." Wachimbaji ndio watakaotumiwa, au ninyi mnaosoma barua hii? Mhandisi akielewa kuwa ni yeye na wenzake, atakaa Singida akisubiri fomu za kuwasainisha wachimbaji. Mhasibu akielewa kuwa ni wachimbaji, ataona hayamhusu. Wote wawili wako sahihi.

Kiswahili kina njia ya kuikata shaka hiyo. Unapowakusudia unaowaandikia, ongeza "-ni" mwishoni: "nitawatumieni fomu" au "nitakutumieni fomu". Hapo hakuna wa kudhani ni wachimbaji. Unapowakusudia wengine, wataje: "nitawatumia wachimbaji fomu". Silabi moja au neno moja, na wiki nzima ya kusubiriana inaepukwa.

Kitenzi "kutuma" kina mtego wake mwingine, na kwa kuwa ndicho kitenzi cha barua pepe kuliko vyote, inafaa kukizoea. "Mtumie bajeti mpya" ni amri kwa mtu mmoja ampelekee mwingine bajeti, lakini pia ni agizo kwa watu wengi watumie bajeti hiyo katika kazi yao. Katika mazungumzo, muktadha na sauti humaliza utata. Kwenye maandishi, "mpelekee mhasibu bajeti mpya" au "kuanzia leo fanyeni hesabu kwa bajeti mpya" ni salama zaidi.

Halafu kuna "tu-", ile "sisi" isiyosema nani yumo. "Tutaipeleka kwa mfadhili" ni ahadi ya nani? Anayesoma anaweza kudhani yeye yumo ndani au yuko nje. Jirani yake ni kitenzi cha kutendwa, "ipelekwe kwa mfadhili", ambacho hakina mtendaji kabisa, na kile cha wingi, "mtume", ambacho kina watendaji watatu. Kwa kazi ya mradi, hali zote tatu huzaa jambo moja: kila mmoja anaamini mwingine analishughulikia. Kazi moja ipewe mtu mmoja, kwa jina au kwa cheo, hata kama atasaidiwa na wengine.

Na lipo lile tamko la ofisini ambalo kila karani analijua: "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Enzi za barua za karatasi, juu ya barua kulikuwa na kichwa cha habari kimoja kilichopigiwa mstari, na tamko hilo lilikuwa na mahali pa kuelekea. Kwenye barua pepe iliyokwisha kujibiwa mara tano na kusambazwa mara mbili, juu yake kuna `FW: RE: RE: Mrejesho`, na chini yake kuna vipande vya mazungumzo ya wiki mbili zilizopita. "Hapo juu", "hapo chini" na "kama tulivyokubaliana" havina tena pa kushika. Mtu akiongezwa kwenye mazungumzo leo, hayo maneno kwake ni mlango uliofungwa. Kama kuna uamuzi wa kurejelea, utajwe kwa sentensi moja na tarehe yake.

Wiki inaisha lini?

Ukimuuliza mtu mitaani mwisho wa wiki ni lini, huenda akakujibu Jumamosi na Jumapili, yaani wikendi. Ukimuuliza mhasibu wa ofisi ya siku tano, atasema Ijumaa saa kumi na moja jioni. Fundi anayefanya kazi hadi Jumamosi mchana atasema Jumamosi mchana. Majina ya siku zetu nayo yana hesabu yake, kwani Jumamosi ni ya mosi na Ijumaa ndiyo inayofunga juma. Kanuni ya kimataifa ya tarehe, ISO 8601, inaanza wiki Jumatatu na kuimaliza Jumapili.

Ukivuka bahari hesabu inabadilika tena. Nchini Omani mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa hadi mwaka 2013, yalipohamishiwa Ijumaa na Jumamosi. Serikali ya Falme za Kiarabu iliyahamishia Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa mwaka 2022, na Ijumaa ikabaki nusu siku. Kwa hiyo afisa wa Muskati anaposoma "kabla ya mwisho wa wiki", siku yake ya mwisho ya kazi ni Alhamisi, na mwenzake wa Dubai anayesoma maneno hayohayo ana Ijumaa asubuhi. Bajeti ikitumwa Dodoma Ijumaa saa tisa alasiri, Muskati itafunguliwa Jumapili.

"Kabla ya" inaongeza shaka yake. Kazi inayotakiwa "kabla ya tarehe 16" kwa maana halisi iwe imefika tarehe 15, lakini wengi huisoma kana kwamba tarehe 16 yenyewe imo. "Hadi tarehe 16" huelekea kuijumuisha, ila haisemi hadi saa ngapi. "Ijumaa ijayo", ikiandikwa Jumatatu, kwa wengine ni siku nne zijazo na kwa wengine ni kumi na moja. "Kesho" inategemea barua imefunguliwa lini, na mtu wa Singida ambaye mtandao umemkatikia anaweza kuifungua kesho yenyewe.

Wapo wanaodhani wamepona kwa kuandika idadi ya siku. "Naomba jibu ndani ya siku tatu za kazi." Ikiandikwa Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 2025, siku hizo ni zipi? Tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere, sikukuu ya kitaifa Tanzania. Kwa Dodoma, siku tatu za kazi baada ya Jumatatu hiyo ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo mwisho ni tarehe 17. Kwa Muskati, Jumanne ni siku ya kazi kama nyingine, na siku tatu zinakwisha Alhamisi, tarehe 16. Tarehe 17 yenyewe Muskati ni mapumziko. Agizo moja limezaa tarehe mbili, na moja kati ya hizo ni siku ambayo mpokeaji hayupo ofisini.

Wanasheria walishaliona tatizo hili zamani, ndiyo maana hawaliachii desturi. Kenya ina Sheria ya Ufafanuzi na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, inayoeleza namna ya kuhesabu siku: siku tukio lilipotokea haihesabiwi, na muda ukiangukia Jumapili au sikukuu, husogezwa hadi siku inayofuata isiyo ya mapumziko. Mikataba ya ujenzi ya FIDIC ya mwaka 1999, inayotumika sana kwenye miradi mikubwa ya Afrika Mashariki, inatamka kwamba "siku" maana yake ni siku ya kalenda, hivyo hakuna wa kuzitoa Jumapili. Barua pepe ya ofisini haina kifungu cha ufafanuzi. Mwandishi wake anapaswa kuhesabu mwenyewe na kuandika tarehe aliyoifikia.

Saa kumi ya nani

Tarehe ikishapatikana inabaki saa, na hapa Waswahili tuna jambo letu. "Saa 10" kwa Mswahili ni saa kumi jioni au alfajiri. Kwenye kompyuta na kwenye barua ya Kiingereza, 10:00 ni saa nne asubuhi yetu. Mtu anayefanya kazi kwa lugha zote mbili hubadilisha kichwani bila kufikiri, na ndiyo sababu hukosea bila kujua. Akiandika "mwisho ni saa 10:00 Alhamisi", mwenzake wa Singida anaona ana muda hadi jioni, ilhali mfumo wa mfadhili wa kupokelea maombi unafungwa asubuhi ya siku hiyo, saa sita nzima mapema.

Kuandika "saa 10:00 jioni (16:00)" kunamaliza mjadala. Neno "jioni" linamhudumia anayesoma Kiswahili, na 16:00 inalingana na kioo cha simu ya kila mtu.

Usiku una mtego wa ziada. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Mombasa au Unguja ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kwa kijana aliyezoea kalenda ya simu ni Ijumaa yenyewe usiku. Saa sita usiku nayo ni mpaka wa siku mbili, na "Ijumaa saa sita usiku" inaweza kuwa mwanzo wa Ijumaa au mwisho wake. Mifumo mingi ya maombi huandika 23:59 kwa sababu hiyohiyo. Ila ofisi isiyo na mtu usiku haina haja ya kuweka mwisho wa usiku. Saa kumi jioni inatosha, na anayechelewa anaweza kupigiwa simu watu wakiwa bado mezani.

Mradi ukiwa na watu wa nchi kadhaa, saa iambatane na mahali. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja nyuma ya Muskati. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko saa moja nyuma ya Dar es Salaam, na Kinshasa saa mbili nyuma. Ulaya husogeza saa mara mbili kwa mwaka, hivyo tofauti kati ya Dodoma na Berlini ni saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. "Saa za Tanzania" ni maneno matatu tu, na huokoa simu za lawama.

Tarehe za tarakimu tupu nazo ziepukwe. 10/11/2025 ni tarehe 10 Novemba kwa Mtanzania na 11 Oktoba kwa Mmarekani, na jedwali la kompyuta lililopangwa kwa mtindo wa Kimarekani linaweza kuisoma hivyo bila kumuuliza mtu. Jina la mwezi likiandikwa kwa herufi, tatizo linakwisha. Kwenye majina ya mafaili, mpangilio wa ISO 8601 unaoanza na mwaka unafaa zaidi, kwa sababu mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe: `bajeti_kisima_2025-10-13.xlsx` hukaa juu ya `bajeti_kisima_2025-10-15.xlsx`. Mtu akiambiwa afungue faili la tarehe 15, hataangukia lile liitwalo `bajeti_mpya_final2.xlsx`.

Barua ileile, imeandikwa upya

Meneja wetu akikaa tena mezani, na akijiuliza kila "i-" ni nini na kila "yeye" ni nani, atagundua kwanza kwamba neno "kidogo" nalo lilikuwa limeficha kazi yenyewe. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

"Mada: Kisima cha Singida. Marekebisho ya jedwali la bajeti, mwisho Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Salaam. Nimepokea kutoka kwa mhasibu hati mbili: ripoti ya upimaji na jedwali la bajeti. Mhandisi ameshapitia ripoti ya upimaji, na ripoti hiyo haina marekebisho.

Kinachobaki ni jedwali la bajeti. Mhandisi, naomba ubadilishe kina cha kisima katika mstari wa 4 kutoka mita 80 kuwa mita 95, kama kilivyo kwenye ripoti, kisha umtumie mhasibu jedwali hilo. Mwisho ni Jumatano, tarehe 15 Oktoba, saa 10:00 jioni (16:00).

Mhasibu, naomba ukokotoe upya gharama na unirudishie jedwali. Mwisho ni Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, saa 4:00 asubuhi (10:00).

Mimi nitampelekea mfadhili ripoti na jedwali Alhamisi hiyohiyo, si zaidi ya saa 6:00 mchana (12:00, Muskati itakuwa 13:00). Saa zote nyingine ni za Tanzania.

Fomu za malipo nitawatumia wachimbaji Jumatano, tarehe 15 Oktoba. Ninyi hamna la kufanya kuhusu fomu hizo. Ahsanteni."

Barua imerefuka karibu mara tatu, na hilo ndilo litakalowakera wanaopenda ufupi. Lakini kila msomaji ana aya yake, anaweza kuruka nyingine, na hakuna anayelazimika kumpigia mwenzake kuuliza. Tarehe za ndani zimewekwa mapema kuliko ya nje, hivyo mhandisi akichelewa saa mbili bado kuna nafasi. Sikukuu ya tarehe 14 imeheshimiwa, na Ijumaa ya Muskati imeepukwa. "Mstari wa 4, kutoka mita 80 kuwa mita 95" imechukua nafasi ya "kidogo", na mhandisi hawezi tena kudhani kwamba anatakiwa kupamba sentensi za ripoti.

Viwakilishi havikufutwa vyote. "Ripoti hiyo" na "jedwali hilo" vimebaki, kwa sababu nomino yao iko palepale na haina mshindani. Kipimo chake ni rahisi: ukikutana na kiwakilishi, tazama nyuma sentensi moja. Ukikuta nomino moja tu inayokubaliana nacho, kiache. Ukikuta mbili, au usipokuta hata moja, andika jina.

Kwa nini mwandishi haoni

Ukaguzi huo unasikika mwepesi, lakini ni mgumu kwa aliyeandika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo watu waliandikiana barua pepe, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Waandishi waliamini sana kwamba wapokeaji wangetofautisha. Wapokeaji hawakufanya vizuri zaidi kuliko mtu anayebahatisha, ingawa nao walijiamini. Majaribio hayo yalihusu kejeli, si tarehe, lakini sababu waliyoieleza inagusa viwakilishi moja kwa moja: anayeandika huisikia sauti yake kichwani, na huona tabu kuiwazia sentensi bila sauti hiyo. Meneja alipoandika "irekebisheni", bajeti ilikuwa wazi mbele yake kwenye kioo.

Ndiyo maana kuisoma barua mara ya pili palepale hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kutafuta maneno mahususi kwa macho: hiyo, hizo, hayo, huyo, wao, yake, kwake, "tu-" na "-wa-", kisha leo, kesho, ijayo, mapema, haraka, mwisho wa wiki. Kwa barua ya aya tatu ni kazi ya dakika moja.

Upande wa anayepokea nao una wajibu. Wengi, hasa walio chini kicheo, huona aibu kumuuliza mkuu "unamaanisha nini?", kwa sababu swali hilo linasikika kama kumwambia hajui kuandika. Njia yenye adabu ni kumrudishia ulichoelewa: "Mheshimiwa, nimeelewa kwamba nirekebishe jedwali la bajeti, si ripoti, na nimtumie mhasibu Jumatano, tarehe 15, saa 10:00 jioni. Naomba unisahihishe kama sivyo." Jibu la namna hii halimvunjii mtu heshima, na lina faida moja kuliko swali: mkuu asipojibu, maandishi yapo, na kazi inaendelea kwa tarehe inayojulikana.

Kwa wakuu wa miradi ombi ni la vitendo. Kikao cha kwanza cha mradi kikubali mambo matatu na yaandikwe kwenye muhtasari: saa za nchi gani ndizo zitakazotumika, siku zipi ni za kazi kwa kila mshirika, na kwamba barua isiyotaja mtendaji na tarehe inaweza kurudishwa kwa mwandishi bila mtu kukasirika, hata kama mwandishi ni mkurugenzi.